Muziki wa kulalia: uzimike wenyewe au ucheze hadi asubuhi?

Wimbo wowote wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, usio na ngoma za ghafla, unafaa kukubembeleza. Tofauti huja ukishasinzia.

Ukiuacha ucheze usiku kucha, masikio hayalali. Kila baada ya dakika 90 hivi usingizi huwa mwepesi, na hapo wimbo unaoanza kwa kishindo, au tangazo, hukuzindua. Ukiamka na kiitikio kichwani, shuku orodha yako ya nyimbo.

Kipima muda cha dakika 45 ndicho chaguo langu, sauti ikiwa chini ya mazungumzo ya kawaida na ikififia polepole, kwani kimya cha ghafla nacho huamsha. Muziki wa usiku kucha unamfaa nani? Labda mwenye jirani mwenye kelele, tena uwe bila maneno.