Google Search Console: ninavyosaka kurasa zilizokwama ukurasa wa pili

Nasimamia tovuti ya duka la pampu za maji Kariakoo, na Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji wake, ndiyo ninayoifungua kuliko kitu kingine chochote. Ni bure, inatunza takwimu za miezi 16, na naipendekeza kwa kila mwenye tovuti ya biashara, ilimradi ajue kuisoma Average position, yaani wastani wa nafasi yako kwenye matokeo.

Ninachokitafuta humo ni kurasa zetu zilizoishia ukurasa wa pili wa matokeo, kati ya nafasi ya 11 na 20. Nafungua Performance, nawasha Average position maana yenyewe haijiwashi, nachuja nchi ibaki Tanzania, kisha kwenye Pages napanga kwa Impressions, yaani idadi ya mara tulizoonekana, kubwa ikitangulia.

Ukurasa wetu wa pampu za sola ulikuwa umeonekana mara 1,500, wastani wa nafasi 18.6. Ukiishia hapo utasema bado uko mbali. Mimi huubofya, kisha nahamia Queries kuona watu waliandika nini. Kumbe "bei ya pampu ya sola" ilikuwa na mara 1,200 kwenye nafasi ya 12, na neno tupu "pampu" mara 300 kwenye nafasi ya 45. Hilo la pili ndilo lililouvuta wastani chini. Mteja wetu hasa tulikuwa tumemkaribia sana.

Kinyume chake pia kipo. Ukurasa wenye wastani wa 14 unaweza kuwa wa 4 kwa utafutaji mmoja na wa 24 kwa mwingine, kila mmoja ukiwa na idadi sawa ya kuonekana. Huo haujawahi kukaa ukurasa wa pili hata siku moja, na ukiuandika upya kwa pupa unaweza kuipoteza hiyo nafasi ya 4.

Zile mara 1,200 zilinipa moyo. Google haihesabu kuonekana mpaka ukurasa wa matokeo wenye kiungo chako ufunguliwe. Kwa hiyo ama watu walivuka wakaenda ukurasa wa pili, ama baadhi yao tayari walikuwa wanatukuta ukurasa wa kwanza.

Kichwa cha ukurasa kilisomeka "Bidhaa zetu". Nikakiandika "Bei ya pampu za maji za sola", nikaweka bei zenyewe juu kabisa, na kiungo kutoka ukurasa wetu wa visima, unaosomwa zaidi. Kuona matokeo, nachuja utafutaji huo mmoja tu, halafu nalinganisha vipindi viwili kwa Compare. Ulipanda hadi nafasi ya 8, na mibofyo ikaanza kuja.

Upungufu upo: maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kulinda faragha, hivyo jumla ya Queries hailingani na ya ukurasa. Kwa duka dogo, sehemu iliyofichwa huwa si ndogo.