Nimelipia ukimya, nikarudishiwa tanuri

Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa.

Mimi hurekodi kaswida na sauti za matangazo nyumbani, Mkomani, hapa Lamu. Hurekodi usiku, maana mchana ni punda na maboti ya mashine. Mji huu ukinyamaza hunyamaza kweli, na hapo ndipo kompyuta yangu ya mezani ilipokuwa ikiniumbua: wuuu… wuuu… ikipanda na kushuka kama mzee anayekoroma. Ndani mna hadidiski mbili za mizunguko 7200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, na kweli kila rekodi yangu, nikiitazama kwenye grafu ya sauti, ilikuwa na mwiba umesimama pale kwenye 120 Hz. Kule kupanda na kushuka ni kwa sababu diski mbili hazizunguki sawasawa kabisa. Zikipatana mvumo huvimba, zikipishana hufifia.

Nikampa fundi mmoja, simtaji, ainyamazishe: raba za kushikia diski, mikeka ya kuzuia kelele kwenye mabati, na feni zipangwe vizuri. Baada ya siku nne hivi akanirudishia. Kuwasha: mvumo ule ule. Nikamrudia. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. “Bwana, hiyo kelele ya kawaida. Wewe una masikio ya popo.” Mbele ya wateja! Nao wakacheka.

Haya, popo akarudi kwake akashika bisibisi.

Kwanza nilizitoa diski mashine ikiwa imezimwa, nikazilaza juu ya sponji la kuoshea vyombo, nyaya zikiwa zimeunganishwa, nikawasha kwa dakika chache tu. Kimya. Kumbe anayepiga kelele si diski, ni kasha la bati linaloimba kwa niaba yake. Sasa kwa nini raba hazikulizuia? Nikazitazama: zimebinywa kama ubani uliotafunwa. Raba huumeza mtetemo kwa kunesanesa. Ukiikaza mpaka ikawa ngumu, ni sawa na kuipiga diski skrubu moja kwa moja kwenye chuma. Skrubu za kazi hii huwa na shingo nene isiyo na uzi, inayopita ndani ya tundu la raba, ili kichwa kikwame kabla raba haijapondwa. Yeye alitia za kawaida, akakaza kwa nguvu zake zote.

Na ile “mikeka”? Sponji la godoro! Sponji hupunguza kelele nyembamba, ile ya upepo wa feni, lakini mvumo mzito hupita humo kama hakuna kitu. Bati jembamba linataka uzito, karatasi ya lami igandishwe katikati ya ubavu, maana ndipo linapotikisika zaidi. Kujua ni rahisi: gonga kwa kidole. Lenye lami husema “dup”. Langu, na sponji lake lote, lilisema “ting”.

Lililonitoa machozi ni hili. Sponji alilibandika hata mbele, pale hewa inapoingilia. Kelele isitoke, sawa, na hewa iingie wapi? Kaskazi hii? Nikapima:

```
sudo smartctl -A /dev/sda
```

Temperature_Celsius: 57. Diski nyingi kikomo chake ni 60. Mle ndani mna kazi zangu za miaka, na mtu ananiambia popo.

Nikang'oa sponji lote. Feni moja kubwa nikaihamishia mbele ya diski, nikaishika kwa vipande vya raba, nikaiacha kidogo mbali na wavu maana ikiugusa huanza kupiga mluzi, kisha nikaipunguza kasi. Skrubu zenye shingo nikazipata kwenye kasha bovu la jirani. Kichwa kikikwama, basi, usiendelee. Nyaya za diski nazo nikazilegeza, kwani waya uliokakamaa hubeba mtetemo kuupeleka kwenye bati. Sasa inasoma 43, na ule mwiba ni wa kuutafuta. Ile “krr krr” ya diski inapoandika bado naisikia nikiinamia kasha, hiyo hupita hewani na raba haiiwezi yote.

Nilitaka kusema msinunue chochote kwake. Lakini raba nilizotumia ni zile zile zake. Nilizipumzisha usiku kucha zikarudi umbo. Ni raba nzuri, lazima niseme. Kanunueni, mlipe, mtoke kabla hajashika bisibisi.

Nyota moja. Ya pili nimeongeza kwa ajili ya raba. Nikikumbuka wale wateja walivyocheka, naiondoa.