Kisafisha Uso Kilichokuwa Sabuni: Uzoefu Wangu

Kwa miaka mingi nilinawa uso kwa sabuni ya kuogea ya kipande, na kila mara, dakika chache baada ya kujifuta, ngozi ilivuta kuanzia mashavuni hadi pembeni mwa mdomo, nami nikaichukulia hali hiyo kuwa dalili ya kutakata. Nilipochoshwa na magamba madogo kando ya pua, nilinunua kisafisha uso cha majimaji chenye povu zito. Ngozi iliendelea kuvuta vilevile.

Ndipo nilipotafuta karatasi za kupimia pH, kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Povu la sabuni ya kipande liligeuza karatasi hadi rangi ya 10, jambo nililolitarajia, lakini povu la kisafisha uso nalo lilifika 9. Niliposoma orodha ya viambato nikakuta asidi ya miristiki, ambayo ni asidi ya mafuta, na potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali. Asidi ya mafuta ikikutana na alkali huzaa sabuni, kwa hiyo nilikuwa nimenunua sabuni nyingine, ila hii ilikuwa ya majimaji.

Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, kwa kawaida pH ya takriban 5. Sabuni halisi haiwezi kushushwa hadi hapo, kwa sababu ikitiwa asidi ya kutosha hurudi kuwa asidi za mafuta na kupoteza uwezo wake wa kusafisha. Katika alkali, tabaka la juu la ngozi hunyonya maji na kuvimba, huku sabuni ikishikamana na protini zake na kuondoa sehemu ya mafuta yanayozuia maji yasitoroke. Ukishajifuta, maji yale hukauka haraka, tabaka hilo husinyaa, na kusinyaa huko ndiko tunakokuhisi kama kuvuta. Ngozi hurudisha asidi yake yenyewe baada ya saa kadhaa, lakini mimi nilikuwa nikinawa mara tatu kwa siku, sikuipa nafasi.

Bidhaa iliyonifaa, na huenda hili likamshangaza msomaji, ni kipande pia, ila hakikutengenezwa kwa sabuni: kisafishi chake kikuu ni sodiamu kokoili isethioneti, na karatasi ilionyesha kati ya 5 na 6. Baada ya majuma mawili ya kunawa asubuhi na usiku, kuvuta kulikwisha na magamba yakatoweka. Hata hivyo, nisingependa mtu anunue kwa kutazama pH peke yake, kwani sodiamu laurili salfeti, kisafishi kingine kisicho sabuni, huweza kukausha na kuwasha ngozi hata katika bidhaa yenye pH ya 5.5.

Kasoro zake ninazijua. Povu lake ni jepesi, losheni nzito ya kukinga jua haiondoki kwa mnawo mmoja, na kikiachwa kwenye kisahani chenye maji hulainika kama uji, hivyo nimekiweka juu ya waya ili kikauke.