Mpira wa kusinyaa au tepu? Cha kununua kwa jointi ya waya inayokaa nje

Picha ninazotumiwa na wasomaji za jointi zilizokufa nje zinafanana mno. Mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana waya ukipigwa moto, umekaa vizuri, mweusi, umebana, hauna hata mkwaruzo. Ukiupasua kwa wembe, ndani shaba imegeuka unga wa kijani na nyuzi zake zinakatika ukizigusa. Kisha linafuata swali: sasa maji yalipitia wapi?

Yalipitia kwenye ncha za mpira. Mpira wa kawaida, ule mwembamba unaouzwa kila mahali, hubana waya lakini haushiki. Kati yake na ganda la waya hubaki upenyo mdogo usioonekana kwa macho, na upenyo wa namna hiyo ndio unaovuta maji vizuri zaidi. Jua likipiga, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka. Mvua ikinyesha, mpira unapoa ghafla na hewa inayorudi huja na maji. Yakishaingia hayana jua wala upepo wa kuyakausha. Ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno: nje, mpira usio na gundi ni mbaya kuliko tepu nzuri iliyozungushwa vizuri. Rangi, urefu wa pakiti na idadi ya vipande havinihusu. Mimi nauliza kitu kimoja: ndani kuna gundi?

Chaguo langu la kwanza: mpira mnene wenye gundi ndani, mweusi, wa 3:1

Utautambua dukani bila kuuwasha moto. Tazama ncha yake: utaona duara mbili, ukuta wa nje mweusi na utando wa ndani unaong'aa kidogo. Ukiuminya unakuwa mgumu kuliko ule mwembamba. Ukipigwa moto gundi ile huyeyuka, hujaza upenyo wote, na ikipoa inashikana na ganda la waya. Weusi nao una kazi yake, kwani masizi yaliyochanganywa ndani ndiyo yanayoukinga na jua. Ule unaoonyesha ndani uache kwa kazi za ndani ya nyumba.

Hiyo 3:1 maana yake ni kwamba mpira wa kipenyo cha milimita 12 unaweza kusinyaa mpaka 4. Wa 2:1 wa milimita 12 unaishia 6, na mara nyingi unapita juu ya jointi nene lakini haufiki kwenye waya mwembamba pembeni, yaani palepale panapohitaji kuzibwa.

Kwa jina la kampuni, mimi huchagua mipira ya Raychem, na sioni haya kusema hivyo. Gundi yao hujaa sawasawa hadi nchani.

Tuchukue mfano: waya wa taa ya ukutani umekatika, una nyaya mbili ndani ya ganda moja la nje lenye unene wa milimita 8 hivi, na kila waya wa ndani ni kama milimita 3. Zima umeme kwenye swichi kubwa na uhakikishe kwa testa. Kabla ya kuunga chochote, vika mpira mkubwa wa 12/4 upande mmoja na midogo ya 6/2 kwenye kila waya, kwa sababu baadaye hakuna pa kuipitishia. Usiweke jointi mbili mahali pamoja. Upande mmoja fupisha waya wa kwanza kwa sentimita 4, upande wa pili fupisha ule mwingine, ili jointi zipishane na zisipige shoti hata mpira ukitoboka.

Chomelea kwa risasi, na ikibaki ncha kali ya risasi, ipige tupa. Itatoboa mpira ukisinyaa. Risasi ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui: hujaza nafasi kati ya nyuzi, hivyo maji yaliyoingia kwenye taa na kutambaa ndani ya waya hukwama hapo.

Sinyaza midogo kwanza, kisha mkubwa, ambao lazima ulale juu ya ganda la nje kwa sentimita 4 au 5 kila upande. Futa ganda hilo kwa spiriti kwanza, maana gundi haishiki juu ya mafuta ya mkono. Anza moto katikati uende nje, hewa itoke. Kipuliza hewa ya moto ni bora. Kiberiti cha gesi huunguza mahali pamoja na kuacha pengine bado. Ukiona uzi wa gundi umetokeza kuzunguka ncha zote mbili, kazi imekubali. Gundi ikitokea upande mmoja tu wa duara, ongeza moto upande wa pili. Usiutikise waya mpaka upoe kabisa.

La pili: tepu ya mpira inayojishika, na tepu ya 3M juu yake

Kuna mahali ambapo mpira wa kusinyaa unashindwa hata wenye gundi: nyaya mbili zikitoka upande mmoja wa jointi. Katikati ya nyaya hizo hubaki pembe tatu ndogo ambayo gundi haifiki, na maji yanaingia hapo kama mlango umeachwa wazi. Hapo mimi nahama. Tepu ya mpira inayojishika haina gundi. Unaivuta mpaka upana wake upungue waziwazi, na tabaka zake huungana zikawa kitu kimoja. Unaipitisha kati ya nyaya hizo mbili, unajaza ile pembe, kisha unazungusha jointi nzima, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.

Haipendi jua, kwa hiyo vika juu yake tepu ya plastiki. Hapa ni 3M Super 33+ peke yake kwangu: unene wa milimita 0.18, huvumilia joto hadi nyuzi 105, na inanyumbulika. Mzunguko wa mwisho usiuvute, na ukate kwa kisu badala ya kuchana, la sivyo ncha itarudi nyuma na kuning'inia kama bendera.

Vingine

Tepu ya plastiki peke yake ni ya dharura. Jua likiipiga gundi hulainika, tepu huteleza, na jointi inabaki na ute mweusi wa kunata. Zile za bei ya chini kabisa hukatika ukizivuta au hukaa zimelegea bila kurudi. Vile vipande vya mpira wa kusinyaa vyenye pete ya risasi ndani sivitaki: risasi mara nyingi haiyeyuki vizuri kabla ya mpira kuungua. Na jointi ya kuzikwa ardhini haiko kwenye shindano hili. Hiyo inataka kifuko cha kumwaga utomvu unaoganda.

Sasa wauzaji. Pakiti imeandikwa "haipitishi maji", ndani ni mipira myembamba isiyo na tone la gundi. Ukiuliza, muuzaji anakujibu kwamba ukiuchoma sana utaziba wenyewe! Hauzibi, unaungua. Halafu zile pakiti za saizi mchanganyiko: theluthi mbili ni vimrija vya milimita 2 na 3 ambavyo havipiti hata juu ya jointi, na ile saizi ya 12 unayoihitaji imewekwa mara chache, tena mifupi kiasi kwamba haifiki ganda la nje. Na wanaandika kipenyo cha kabla ya kusinyaa tu. Mimi namwambia muuzaji anitajie namba zote mbili, na akishindwa namwachia pakiti yake juu ya kaunta.