Dashibodi ya mauzo ipi ununue? Kwanza iulize tarehe ya deni

Tarehe 20 Juni, saa mbili asubuhi, nilikuwa kaunta kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi huku Kizota, Dodoma. Lori la saruji limeshapaki nje na dereva anataka malipo ndipo ashushe. Kwenye skrini, mauzo ya jana yalisomeka shilingi milioni 4.2. Nikahesabu fedha za droo, nikajumlisha na zilizoingia kwa simu, nikapata milioni 1.6. Nikamwomba dereva anivumilie, nikaanza kufungua risiti moja baada ya nyingine.

Zile milioni 4.2 zilikuwa vitu vitatu vilivyomwagwa kwenye kapu moja. Milioni 1.1 ilikuwa mauzo ya taslimu. Milioni 2.6 ilikuwa mali iliyotoka kwa mkopo. Laki tano zilizobaki hazikuwa mauzo kabisa: ni mteja aliyekuja kupunguza deni la zamani, na mfumo ukaandika malipo yake kama mauzo mapya. Mali ile ilihesabiwa siku niliyoiuza, ikahesabiwa tena siku niliyolipwa. Mfumo huo niliununua kwa shilingi 850,000, pamoja na 25,000 kila mwezi.

Wengi mmeniandikia mkiuliza mnunue upi, na karibu wote mnauliza kama una grafu na kama unafunguka kwenye simu. Hayo yapo kila mahali, sitayagusa. Kinachonikera, na ambacho hakuna muuzaji atakayekuonyesha, ni namna mfumo unavyohesabu umri wa deni.

Nitawaeleza la mkandarasi mmoja anayejenga upande wa Mtumba. Tarehe 12 Machi alichukua saruji na nondo za milioni 3.4. Aprili akalipa laki mbili, mwanzoni mwa Juni akalipa laki tatu, na tarehe 14 Juni akachukua mzigo mwingine wa 450,000. Asubuhi ile dashibodi iliandika anadaiwa 3,350,000, siku 6. Siku sita! Kwa kuwa mfumo unaweka salio moja tu kwa kila mteja, na siku unazihesabu kuanzia muamala wa mwisho, kila alipogusa duka langu deni lake lilizaliwa upya. Ukweli ni kwamba 2,900,000 kati ya hizo zilikuwa na siku 100. Na mimi nilikuwa nimemkopesha tena wiki iliyopita kwa sababu skrini ilimwonyesha kuwa mlipaji mzuri.

Kwa hiyo jumla ya madeni peke yake haikusaidii kuamua lolote. Kinachosaidia ni jumla hiyo ikigawanywa kwa umri: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Ili mgawanyo huo uwe wa kweli, mfumo lazima uhifadhi kila invoisi kwa tarehe yake, na kila malipo yaelekezwe kwenye invoisi inayolipwa.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afanye jaribio hili mbele yako. Aingize invoisi ya mkopo ya laki tano yenye tarehe ya siku 70 zilizopita. Kisha aingize ya laki moja ya leo, mteja yule yule. Mwisho apokee malipo ya laki moja leo kwa ile ya zamani. Mfumo mzuri utaonyesha mauzo ya leo laki moja, fedha iliyoingia leo laki moja, na deni la laki tano: laki nne kwenye siku 61 hadi 90, laki moja kwenye 0 hadi 30. Ukiona mauzo ya leo ni laki mbili, au deni lote limekuwa la leo, funga pochi yako.

Kwangu mimi namba moja ni programu ya uhasibu ya TallyPrime, na sifichi kwamba naipendelea. Haina sura ya kuvutia na inataka kompyuta ya Windows, lakini inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na madeni inayajua kwa undani. Kwenye akaunti ya mteja washa `Maintain balances bill-by-bill`. Ukipokea malipo chagua `Agst Ref`, halafu uonyeshe ni invoisi ipi. Hapa ndipo wauzaji wetu wa kaunta wanapoharibu: wakiwa na haraka wanachagua `On Account`, malipo yanaelea bila invoisi, na mteja aliyelipa anaendelea kuonekana sugu. Ukifungua ripoti ya `Receivables` ukabonyeza F6, utachagua umri uhesabiwe kwa tarehe ya invoisi au kwa tarehe ya mwisho wa kulipa. Mimi nahesabu kwa tarehe ya invoisi, maana ukimpa mtu siku 30 halafu ukahesabu kuanzia mwisho wake, siku 30 za mtaji wako zimefichwa.

Zoho Books na QuickBooks Online nazipa nafasi ya pili. Zote zina ripoti ya umri wa madeni na zinafanya kazi vizuri kama una mtandao wa uhakika na uko tayari kulipia usajili. Loyverse ina huduma ya bure na inamtosha anayeuza taslimu. Excel nayo inawezekana, invoisi moja kwa mstari mmoja, na tarehe ikiwa safu ya B unapata umri kwa hivi:

```
=TODAY()-B2
```

Ripoti ya Z ya mashine ya EFD msiifanye dashibodi. Inajumlisha risiti ulizotoa, haijui nani hajalipa.

Nije kwenye orodha ya bidhaa zinazoongoza, maana nayo ilinipotosha. Kwangu saruji ilikuwa juu kila mwezi: Mei niliuza mifuko 900, kama milioni 15.3 hivi. Lakini kwenye mfuko napata faida ya shilingi 600, jumla 540,000. Koki na viunganishi vya mabomba vilikuwa chini kabisa kwa mauzo ya milioni 2.4, ila faida yake ilikuwa 720,000, na karibu vyote viliuzwa taslimu. Saruji ndiyo inayokopwa. Mfuko ninaoununua 16,400 usipolipwa, inabidi niuze mifuko mingine 27 na ushei ili kurudisha fedha hiyo tu. Basi chagua mfumo unaokuruhusu kupanga bidhaa kwa faida, na uhakikishe bei ya kununulia unaiingiza kila mzigo unapofika. Ukiacha ya zamani, safu ya faida itakudanganya.

Na hawa wauzaji wa mifumo, jamani! Nilipompigia yule wangu, aliniambia umri wa madeni ni moduli ya pembeni, niongeze 300,000. Mtu anauza mfumo kwa wenye maduka Dodoma, ambako ujenzi wote huu unaendeshwa kwa kukopeshana, halafu tarehe ya deni anaitoza kando? Nikaomba taarifa zangu nihame nazo. Akanitumia PDF ya kurasa 64, salio la kila mteja bila invoisi zake. Siku nne mimi na binti yangu tuliandika upya kutoka kwenye vitabu vya risiti. Muulizeni mapema, na aandike kwenye mkataba, kama invoisi zote zenye deni zinatoka kwa Excel siku utakapoondoka.