Maziwa ya ng'ombe, soya, oti na lozi: kilichomo ndani ya kikombe kimoja

Kati ya maboksi manne niliyoyalinganisha, mawili tu yana protini ya maana, na moja kati ya hayo mawili halitoki kwa ng'ombe. Ukinywa maziwa kwa ajili ya protini, chagua la ng'ombe au la soya. La oti ni kinywaji cha wanga chenye mafuta kidogo. La lozi lisilo na sukari ni maji yenye ladha nzuri, na nasema hivyo bila chuki, maana wapo wanaotafuta hicho hicho.

Kwanza tukubaliane kuhusu kikombe. Kikombe cha plastiki cha kupimia unga kinachouzwa Kariakoo kwa kawaida ni mililita 250. Kikombe cha Wamarekani ni 240. Kikombe cha chai cha nyumbani, ukikijaza bila kumwagika, mara nyingi kinaishia kwenye 200 hivi. Nimetumia 250, kwa sababu boksi la lita moja linatoa vikombe vinne kamili na hesabu inakuwa nyepesi. Maboksi mengi kwenye supamaketi za Masaki na Mikocheni yametoka nje, na jedwali lake limeandikwa kwa mililita 100. Zidisha kila namba kwa 2.5 na umepata kikombe chako. Boksi lililoandikwa "kwa kikombe" lisikudanganye ukaliweka sambamba na lingine kabla ya kuangalia kikombe chao ni mililita ngapi.

Maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta, kwa mililita 100, yana protini kama gramu 3.2, mafuta 3.5 na wanga 4.7. Kikombe kinakuwa na protini 8, mafuta karibu 9 na wanga karibu 12. Wanga huo wote ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa, kwa hiyo ukiona kwenye lebo neno sukari mbele ya namba 12 usidhani kiwanda kimemwaga sukari. Yaliyopunguzwa mafuta yanabaki na protini ile ile na laktosi ile ile. Kinachoshuka ni mafuta peke yake, kutoka 9 hadi kama 2 na nusu kwa yale ya asilimia 1.

Soya isiyotiwa sukari inamfuata ng'ombe kwa karibu: protini 7 mpaka 8 kwa kikombe, mafuta 4 na kitu, wanga kati ya 1 na 4 kutegemea kiwanda. Ubora wa protini yake nao uko juu. Tatizo la soya ni boksi la pili lililokaa pembeni yake, lenye rangi inayofanana, lililotiwa sukari na vanila. Protini ni ile ile, lakini wanga unapanda hadi 8, 10, wakati mwingine zaidi.

Oti ndiyo inayowashangaza watu. Protini ni 2 na nusu, mafuta karibu 4, wanga 16 na nusu, na kati ya huo sukari ni kama gramu 10, wakati mbele ya boksi wameandika kwamba hawakuongeza sukari. Hawajasema uongo. Kiwandani oti husagwa na maji, kisha huwekwa kimeng'enya kinachoukata wanga wake kuwa maltosi. Sukari imezaliwa humo humo ndani ya tangi. Kwa mtu mwenye kisukari, sukari ya kuzaliwa na ya kumwagwa zinafika kwenye damu vile vile, na maltosi haichelewi. Mafuta nayo si ya oti hasa. Soma viungo na utakuta mafuta ya alizeti au ya kanola, yaliyowekwa ili kinywaji kisiwe chepesi mdomoni. Boksi la oti la wapika kahawa, lile linalotoa povu zuri, linaongezewa mafuta zaidi na kufika gramu 7 kwa kikombe.

Kuhakiki lebo ni rahisi: protini na wanga zidisha kwa 4, mafuta kwa 9, nyuzinyuzi kwa 2, ujumlishe upate kilokalori. Boksi la oti lililosema protini 1, mafuta 1.5, wanga 6.6 na nyuzinyuzi 0.8 kwa mililita 100 linatoa 4 jumlisha 13.5 jumlisha 26.4 jumlisha 1.6, yaani 45.5. Lebo imeandika kilokalori 46. Ikija tofauti kubwa, kwa mfano lebo inasema 46 na wewe unapata 60, basi kuna namba imekosewa, au stika ya tafsiri iliyobandikwa juu ya lebo ya asili imehamishwa kutoka bidhaa nyingine. Ibandue ukingo kidogo usome ya chini.

Sasa lozi. Hapa namba muhimu iko kwenye orodha ya viungo: lozi asilimia 2 na ushee. Tuseme 2.4. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 6 za lozi, na punje moja ina uzito wa gramu 1 na kidogo, kwa hiyo umekunywa punje 5. Lozi zenyewe ni karibu asilimia 21 protini na asilimia 50 mafuta. Gramu 6 zinatoa protini 1.3 na mafuta 3, na ndicho lebo inachosema: protini 1 hivi, mafuta karibu 3, wanga chini ya 1. Kilokalori hazizidi 40. Anayepunguza uzito ana sababu ya kulinunua. Asiyepunguza, anunue lozi robo kilo azitafune, maana gramu 30 za lozi zina protini 6. Lenye sukari linaongeza wanga gramu 7 au 8 kwa kikombe, kama vijiko viwili vidogo vya chai.

Hatari iko kwa mtoto. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa ya ng'ombe vina 16, vya soya 15. Vikombe viwili vya lozi vina 2 na nusu, vya oti 5. Mama anayebadilisha maziwa kwa sababu tumbo la mtoto linaunguruma na kuharisha kila akinywa ya ng'ombe, akaenda kwenye lozi kwa kuwa boksi ni jeupe na limeandikwa kalsiamu, ameondoa protini bila kujua. Aende kwenye soya iliyoongezwa kalsiamu, au maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi. Aliye chini ya mwaka mmoja, hakuna hata moja kati ya haya manne linaloweza kuchukua nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo la watoto.

Namba za ng'ombe nilizotoa ni za boksi. Maziwa ya kupima, yanayouzwa kwenye ndoo mtaani, yana tabia nyingine. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko Frisian, yanayoweza kufika asilimia 5, na hapo kikombe kina mafuta 12 na nusu. Lakini muuzaji akitia lita 1 ya maji kwenye lita 4, kila kitu kinashuka kwa moja ya tano: protini kutoka 8 hadi 6.4, mafuta kutoka 9 hadi 7. Laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, inaonyesha. Maziwa safi husoma kati ya 1.028 na 1.032, na yaliyotiwa maji kiasi hicho yanashuka hadi 1.024 hivi. Angalia joto lililoandikwa kwenye laktomita yenyewe, kwani maziwa yenye joto la Dar husoma chini kidogo hata kama ni safi. Mjanja hata hivyo anaijua dawa yake: anaengua mafuta kwanza, uzito unapanda, kisha anatia maji mpaka kipimo kirudi palepale. Laktomita inaridhika. Utando hauridhiki. Chemsha, acha yapoe bila kukoroga; maziwa mazima yanafunga utando mnene wa rangi ya krimu, yaliyoenguliwa yanaweka kingozi chembamba kinachokatika ukikigusa. Na kumbuka, ukiutoa huo utando ukawapa paka, umetoa mafuta mengi na protini kidogo.

Soya ya kujitengenezea nyumbani inalipa kuliko ya boksi, mradi uichemshe sawasawa. Gramu 150 za soya kavu zina protini kama 54. Loweka usiku kucha, mwaga maji, saga na lita moja na nusu ya maji mapya, chuja kwa kitambaa. Protini nyingine inabaki kwenye makapi, kwa hiyo tegemea 6 mpaka 7 kwa kikombe, na chini ya hapo kama hukukamua vizuri. Ikianza kuvimba povu na kupanda sufuriani, watu huzima jiko wakidhani imechemka. Bado. Lile povu hupanda kabla ya kuchemka kwenyewe. Punguza moto, endelea dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga, la sivyo kinabaki kizuizi cha asili cha soya mbichi kinachozuia tumbo kusaga protini, na ile gramu 7 uliyoihesabu haitakufaa sana. Harufu ya maharage mabichi ikibaki, rudisha jikoni.

Oti ya nyumbani haifanani na ya boksi hata kidogo, kwa kuwa huna kile kimeng'enya. Wanga unabaki wanga, sukari ni kidogo sana, na ukiimimina kwenye chai inayochemka inakuwa uji mwembamba wenye utelezi. Kwa uji wa asubuhi ni nzuri mno. Kwa chai ya maziwa, tumia soya, lakini ipashe moto pembeni kwanza na uimimine mwishoni chai ikishaepuliwa, kwani ikiingia baridi kwenye kahawa kali au chai yenye limao inakatika vipande vipande.

Na kabla ya kumimina boksi lolote la mimea, litikise kwa nguvu. Unga wa lozi na kalsiamu iliyoongezwa hukaa chini, na asiyetikisa anakunywa maji kwenye vikombe vitatu vya kwanza, kisha analalamika kwamba cha nne kina chokaa.