Uigaji au uchanganuzi tuli wa muda: nani ataiona njia ndefu?

Chukua saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 32, yenye mpigo wa saa wa nanosekunde 10. Njia yake ndefu zaidi ya ishara hutumika pale tarakimu ya kubeba inapozaliwa kwenye biti ya kwanza na kusafiri hadi ya mwisho.

Uigaji, yaani kuiendesha saketi kwenye kompyuta kwa data ya majaribio, hata ukiwekewa ucheleweshaji wa kila geti, huona tu kile ulichoulisha. Kwa namba za kubahatisha, safari hiyo kamili hutokea takriban mara 1 katika bilioni 4.3. Majaribio milioni moja yatapita yote, nawe utalala usingizi mnono.

Uchanganuzi tuli haulishwi namba yoyote. Hujumlisha ucheleweshaji wa kila njia, kutoka rejista, inayohifadhi biti kila mpigo, hadi rejista: hatua 32 za nanosekunde 0.3 ni 9.6, ongeza 0.3 za rejista kutoa data na 0.3 ambazo data lazima itulie kabla ya mpigo. Jumla 10.2. Imechelewa kwa 0.2.

Ila uchanganuzi huu haujui kama jibu ni sahihi. Saketi inayotoa badala ya kujumlisha itapita. Pia hulalamikia njia ambazo kimantiki haziwezi kutumika kamwe, mpaka uziondoe mwenyewe. Ukiondoa ya kweli kimakosa, itanyamaziwa.